Muhtasari: Schabowski atangaza utaratibu mpya wa safari Ujerumani Mashariki, hatima ya Ukuta wa Berlin haikujibiwa

Serikali ya Ujerumani Mashariki ilitangaza jioni ya Alhamisi, 9 Novemba 1989, kwamba raia wake wangeweza kuomba ruhusa ya kusafiri nje ya nchi bila kueleza sababu ya safari wala kuonyesha kuwa wana jamaa huko waendako, na kwamba waliotaka kuhama moja kwa moja wangepewa viza bila kucheleweshwa. Tangazo hilo lilitolewa na Günter Schabowski, mjumbe wa Politburo ya chama tawala cha SED na katibu wa Kamati Kuu anayeshughulikia habari, katika mkutano na waandishi wa habari uliofanyika kwenye kituo cha kimataifa cha habari mtaa wa Mohrenstraße, Berlin Mashariki, na kurushwa moja kwa moja na televisheni ya taifa.

Muhtasari huu umetolewa katika nakala ya maneno yaliyosemwa ukumbini. Kauli ya msemaji imewekwa chini ya jina la msemaji, na swali la mwandishi limebaki kuwa swali, hata pale ambapo ndani yake mlikuwa na habari au hukumu. Alichokisoma Bw. Schabowski kutoka kwenye karatasi kimetengwa na alichokijibu kwa kichwa chake, kwa sababu katika mkutano huu tofauti hiyo ndiyo yenye uzito kuliko jambo lingine lolote. Sehemu kubwa ya saa nzima ilihusu mjadala wa kikao cha Kamati Kuu, kilichoanza siku iliyotangulia, na habari ya safari ilizuka dakika chache tu kabla ya saa moja usiku. Kwa hiyo mambo ya kikao hayakupewa nafasi hapa.

KAULI ZA SERIKALI

Yafuatayo Bw. Schabowski aliyasoma kutoka kwenye karatasi aliyokuwa nayo mezani. Kwanza, Baraza la Mawaziri lilikuwa limeamua kuweka utaratibu wa mpito, utakaotumika mpaka Bunge litakapopitisha sheria ya safari. Pili, safari binafsi za nje zingeweza kuombwa bila masharti ya awali, yaani sababu ya safari na uhusiano wa kifamilia, na vibali vingetolewa kwa muda mfupi. Tatu, idara za pasipoti na uandikishaji za polisi ya wilaya zilikuwa zimeagizwa kutoa viza za kuhama bila kuchelewa na bila kudai masharti yaliyokuwa yakitumika hadi wakati huo. Nne, wanaohama wangeweza kupita katika vituo vyote vya mpakani kati ya Ujerumani Mashariki na Ujerumani Magharibi. Tano, kwa kuwa njia hiyo sasa ilikuwa wazi, vibali vya muda vilivyokuwa vikitolewa na balozi za Ujerumani Mashariki, pamoja na safari za kuhama kwa kitambulisho cha taifa kupitia nchi ya tatu, vingekoma.

Msomaji atazame vitenzi vya karatasi hiyo: kuomba, kutoa, kuagizwa. Hakuna sentensi iliyosema kwamba mtu angeweza kufika mpakani na kuvuka bila viza, na maneno “mpaka umefunguliwa” hayamo popote katika yale aliyoyasoma.

Bila kusoma, Bw. Schabowski alieleza sababu ya uamuzi huo. Alisema kwamba hali ya watu kuondoka kupitia nchi rafiki ni hali isiyowezekana, na kwamba hata kwa nchi hiyo si jambo rahisi. Hakuitaja nchi kwa jina katika kauli hiyo, lakini katika siku hizo maelfu ya Wajerumani Mashariki walikuwa wakipitia Chekoslovakia kuelekea magharibi. Alisema pia kwamba kwa sababu hiyo uamuzi ulikuwa umefikiwa siku hiyohiyo, wa kuweka utaratibu unaomwezesha kila raia kuondoka kupitia vituo vya mpakani vya nchi. Kauli hii ya mdomo ni pana kuliko karatasi, kwa kuwa haitaji ombi wala viza, na ilitangulia kusomwa kwa karatasi yenyewe. Waliomsikia ukumbini waliipata pana kwanza, nyembamba baadaye.

MASWALI YA WAANDISHI NA MAJIBU YALIYOTOLEWA

Swali lililofungua mlango liliulizwa na Riccardo Ehrman wa shirika la habari la Italia, ANSA. Aliuliza kama rasimu ya sheria ya safari iliyotolewa siku chache kabla halikuwa kosa kubwa. Rasimu hiyo ilichapishwa tarehe 6 Novemba na kuwaahidi raia siku 30 za safari kwa mwaka. Neno “kosa” hapa ni la mwandishi, ingawa yeye mwenyewe alilijenga juu ya maneno ya Bw. Schabowski, aliyekuwa amezungumzia makosa mapema katika mkutano. Bw. Schabowski alilikataa kuhusu rasimu: alisema haamini kwamba ilikuwa kosa. Hivyo kichwa cha habari kinachosema serikali imekiri kukosea katika rasimu ya sheria ya safari kitakuwa kimelihamisha swali na kulifanya jibu.

Baada ya maelezo yake ya kwanza, maswali yalitoka pande nyingi kwa wakati mmoja, na nakala haiwatambui wote waliouliza. Tumewaacha bila majina. Baadaye waandishi zaidi ya mmoja wamehusishwa na swali la wakati, na muhtasari si mahali pa kuwapatanisha.

Liliulizwa kama mtu atavuka bila pasipoti. Bw. Schabowski alisema hawezi kulijibu suala la pasipoti kwa wakati huo, kwamba hilo nalo ni suala la kiufundi, na kwamba kwanza pasipoti zenyewe lazima zitolewe ili kila mtu awe nayo. Hili ni swali lisilojibiwa, na linahusu jambo ambalo mtu aliyekuwa akijiandaa kwenda mpakani usiku huo alihitaji kulijua kuliko mengine.

Liliulizwa ni lini utaratibu unaanza kutumika. Hapa Bw. Schabowski aliyapekua makaratasi yake na kujibu: “Kwa ninavyojua mimi, ni sasa hivi, bila kuchelewa.” Maneno ya mwanzo, “kwa ninavyojua mimi”, ni sehemu ya jibu na hayapaswi kukatwa. Mtu anayesema hivyo anatoa ufahamu wake, na nakala inaonyesha wazi kwamba alikuwa akiutafuta ufahamu huo ndani ya karatasi mbele ya macho ya waandishi. Uamuzi wenyewe wa serikali ulisema kweli kwamba utaratibu unaanza mara moja, lakini uliagiza pia kwamba tangazo litolewe kwa umma tarehe 10 Novemba, ili ofisi za polisi na walinzi wa mpaka wawe wamekwisha kupata maelekezo. Bw. Schabowski alikuwa amekabidhiwa karatasi hiyo na kiongozi wa chama, Egon Krenz, alasiri ileile, na hakuwapo ilipojadiliwa. Maelezo haya ya uamuzi na ya karatasi hayakusemwa ukumbini. Tumeyapata nje ya nakala, na tunayatenga kwa sababu hiyo.

Liliulizwa pia kama utaratibu unahusu Berlin Magharibi, sehemu ya mji iliyozungukwa na Ujerumani Mashariki, kwa kuwa msemaji alikuwa ametaja Ujerumani Magharibi peke yake. Bw. Schabowski aliinua mabega, akarudi kwenye karatasi, kisha akajibu kwamba ndiyo, na akasoma kuwa wanaohama wanaweza kupita vituo vyote vya mpakani kwenda Ujerumani Magharibi au Berlin Magharibi. Kipengele hiki kilikuwamo katika maandishi tangu mwanzo, lakini kilisikika kwa sababu mwandishi aliuliza. Kwa hiyo tumekiandika kama kauli ya serikali iliyotolewa kwa kujibu swali. Itazamwe pia kwamba sentensi aliyoisoma ni ya kuhama. Kuhusu mtu anayetaka kutembea Berlin Magharibi jioni na kurudi nyumbani, nakala haina jibu la wazi.

YALIYOANDIKWA BAADA YA MKUTANO

Saa 1:05 usiku, dakika chache baada ya mkutano kwisha, shirika la habari la AP lilitoa habari kwamba Ujerumani Mashariki inafungua mipaka. Saa 2:00 usiku taarifa ya habari ya televisheni ya ARD ya Ujerumani Magharibi, iliyotazamwa pia na watu wengi upande wa mashariki, iliweka kichwa cha habari chenye maana hiyohiyo. Hiyo ilikuwa tafsiri ya wahariri. Tunaiandika hapa bila kuwalaumu, kwa sababu walikuwa wamesikia neno “sasa hivi” kutoka kwa msemaji wa chama, na pia kwa sababu tafsiri hiyo ilizaa tukio: umati ulikwenda kwenye vituo vya mpakani, na yapata saa 5:30 usiku walinzi wa kituo cha Bornholmer Straße waliacha kukagua na kuwaruhusu watu wapite. Hata hivyo, anayeitafuta amri ya kufungua mpaka ndani ya nakala hii hataiona, na muhtasari unaoiweka mdomoni mwa Bw. Schabowski unamsemesha jambo ambalo hakulisema.

SWALI LA MWISHO

Daniel Johnson wa gazeti la Daily Telegraph la London aliuliza nini sasa kitatokea kwa Ukuta wa Berlin, uliotenganisha Berlin Mashariki na Berlin Magharibi. Bw. Schabowski alisema kwamba saa imefika na kwamba hilo litakuwa swali la mwisho. Alikumbusha kwamba maelezo ya safari yamekwisha kutolewa, kisha akasema kuwa suala la watu kusafiri, na la Ukuta kupitika kutoka upande wa Ujerumani Mashariki, peke yake halijibu swali la maana ya huo aliouita mpaka wa taifa ulioimarishwa. Aliendelea kusema kwamba yapo mambo mengine mengi ya kuzingatiwa, na kwamba mjadala huo ungesaidiwa iwapo Ujerumani Magharibi na NATO nazo zingechukua hatua za kupunguza silaha.

Hakusema kwamba Ukuta utabaki, wala kwamba utaondolewa. Neno “Ukuta” lililetwa na mwandishi, na msemaji alilirudia katika jibu lake kabla ya kuhamia kwenye jina la kiserikali. Mkutano ulifungwa saa 1:01 usiku, swali hilo likiwa bado halijajibiwa.