Bi Kesho

Meza yangu ya nazi na meza ya viungo ya Bi Mwanahamisi zinagusana, hapa soko la Mgandini, Tanga. Mwaka wa tisa huu tunaazimana chenji na kulindiana bidhaa mmoja akienda kuswali, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona, sikuhadithiwa.

Neno alilokuwa akilitoa mara nyingi kuliko salamu ni "kesho". Mteja anataka bizari ya pilau, hela anayo mkononi, anaambiwa njoo kesho. Mwingine katoka Pongwe kwa daladala, kesho. Vijana wa bodaboda wakambatiza Bi Kesho, na jina likavuka barabara zote za Ngamiani. Yeye alilichukia. "Kesho kesho, kwani mimi fundi cherehani?" alikuwa akiniuliza, utadhani nililitunga mimi.

Sababu ya hiyo kesho ilikuwa ngumi yake. Mzigo wa pilipili manga ukishuka kutoka Amani, hautazami kwa macho. Anachota gao moja, anafumba kiganja, anakipeleka sikioni na kutikisa. Iliyokauka inalia kama mchele kwenye ungo. Yenye maji inanyamaza. Halafu anaitia punje moja kwenye jino la pembeni. Ikipasuka, sawa, ikibonyea tu, mzigo mzima unarudi jamvini kuota jua. Iliki nayo huipasua ganda, karafuu huivunja kichwa. Masika ndiyo kabisa, anaweza kukaa siku nne hajasaga kitu, meza imejaa na hauzi. Mimi mwenyewe nilikuwa nikimwona mvivu wa kazi, Mungu anisamehe.

Mwaka jana akaja mtoto wa kaka yake, Rajabu, katoka Dar. Kijana mwenye adabu, ila ana mafunzo ya ujasiriamali. Akakaa mezani siku mbili, akahesabu wateja walioambiwa kesho, usiku akamwonyesha shangazi yake hesabu kwenye daftari. Wiki iliyofuata zikaja lebo 500 za kubandika: MALKIA WA VIUNGO, kwa dhahabu, na picha ya mwanamke mwembamba mwenye taji, nywele mpaka kiunoni. Huyo bibi sijui pilau alipikia wapi. Pakiti nazo zile zinazofungwa kwa moto, zinang'aa, si karatasi ya kaki tena.

Bi Mwanahamisi alizipenda. Nilimkuta anaifuta moja kwa ncha ya leso wakati haina hata vumbi. "Sasa wataacha ujinga wao," akaniambia. "Nina jina."

Rajabu akapata oda katika duka moja la Chumbageni: pakiti 40, kila moja shilingi 1,500, zifike Jumatano. Ilikuwa Aprili. Mvua ilianza Ijumaa, ikanyesha kama ina deni. Jumatatu mzigo ukashuka, magunia yameloa pembeni.

Nilimwona. Alichota, akafumba, akapeleka ngumi sikioni. Alikaa nayo pale muda, zaidi ya siku nyingine. Rajabu akasema, "Shangazi, mwenye duka hasubiri." Yeye akarudisha pilipili guniani bila kuitia jinoni, na gunia likaenda mashineni. Sikuuliza. Mtu akiacha kujiuliza mwenyewe, jirani aulize nini?

Haikuchukua wiki mbili. Pakiti zilitoa jasho kwa ndani, bizari ikashikana madonge, nyingine zikaota weupe. Duka likarudisha 31. Bi Mwanahamisi akatoa hela kwenye kibindo akarudisha yote, akasema biashara ndivyo ilivyo, akacheka hata. Nikadhani yamekwisha.

Alhamisi yake akaja Mama Saumu wa Msambweni. Huyu ni mpishi wa shughuli. Harusi ya masufuria sita anaipika bila kuinua sauti. Nilimsogezea debe langu akae, nikampa shikamoo, akaitikia huku anahema. Kanga imelowa mpaka magotini.

"Mwanahamisi, nimekuja kukuonya. Kuna mwizi."

"Mwizi wa nini, dada?"

"Anatumia jina lako. Nimekwenda duka moja kule Chumbageni, naona pakiti ina mwanamke wa taji. Muuzaji ananiambia hii ya Mwanahamisi wa Mgandini, imeingia Jumatano ile ya mvua. Nikamwambia wewe mwongo! Mvua toka Ijumaa, jua halijatoka hata la kuanikia kitambaa cha sahani. Mwanahamisi Jumatano hiyo atakuwa na bizari? Kutoka wapi? Tumegombana mpaka watu wakajaa mlangoni. Nimemwambia hiyo feki, na nitakuja kukwambia mwenyewe."

Nilijitia nachagua nazi. Nilizigonga tatu, sikusikia hata moja.

Bi Mwanahamisi alikuwa anasukuma karafuu kwa kidole, punje moja moja, kuzipanga mstari. Kisha akasema, "Si feki. Zangu."

Mama Saumu akamtazama.

"Ulizisikiliza?"

"Nilizisikiliza."

"Zikasemaje?"

"Zilinyamaza."

Mvua ikapiga bati juu yetu. Mama Saumu hakumgombeza, na nadhani angemgombeza ingekuwa nafuu. Alianza kusema taratibu, kama anayemweleza mgeni njia. Kwamba katika shughuli hakosi shangazi wa bibi harusi mwenye mdomo, anayefunua sufuria na kunusa, anayeuliza viungo vimetoka wapi. Na yeye hujibu neno moja tu, Bi Kesho kavitoa, na yule shangazi hufunika sufuria. Kwamba wapo wanaompelekea bizari hiyo binti aliyeolewa Muscat, na binti haulizi bei, anauliza tu ilichukua siku ngapi.

"Na wewe unaniita hivyo?" Bi Mwanahamisi akauliza.

"Sasa ulidhani tunakuitaje?"

"Mnanicheka."

"Vijana wanacheka," akasema Mama Saumu. "Mimi nina masufuria sita."

Akainuka, akaukamua upindo wa kanga. Hakununua kitu siku ile. Wala hakuambiwa kesho, maana hakuuliza.

Pakiti 31 zilikwenda jalalani. Rajabu, ambaye si mjinga, alishika jambo upesi, tena upesi mno: wiki hiyohiyo alitaka wakasajili jina la Bi Kesho BRELA, na mchoro wa ngumi kaufikiria. Jibu alilopewa unalijua. Lebo za taji zimebaki nyingi. Bi Mwanahamisi huandika madeni kwa nyuma, na langu moja liko humo, la iliki ya Idi.

Juzi asubuhi jua lilitoka la kuungua. Mtoto wa miaka minane hivi, sare ya shule, akasimama mezani na noti ya 2,000 kaikunja mpaka imekuwa kama kiberiti.

"Shikamoo bibi. Mama kasema bizari ya pilau."

Bi Mwanahamisi akachota, akafumba, akatikisa. Mimi nilisikia kwa mbali kama inalia. Yeye akaitia punje jinoni, akaitoa, akaitazama kwenye kiganja.

"Mwambie mama kesho."

Mtoto hakuondoka. Bi Mwanahamisi akamwonyesha kwa kidevu meza za upande wa pili, zilizojaa. "Kama ana haraka kachukue pale, mwanangu, nako kuzuri."

"Hapana," akasema mtoto. "Mama kasema ukiniambia kesho nikuachie hela."

Akaiweka ile noti juu ya mizani, akakimbilia shule.