Pendekezo: njia yako kuelekea ukufunzi na uongozi

Ndugu Rehema,

Salaam. Mlipofunga pampu namba 3, ulimweleza mwanagenzi kwa nini beringi haipashwi joto kupita nyuzi 120, kisha ukamwachia apime mwenyewe. Mafundi wengi hodari hushindwa hapo: mwanafunzi akisitasita, wanamnyang'anya spana.

Ningependa tupange miaka 4. Mwaka wa kwanza, chukua wanagenzi 2 na kazi moja tu, kufunga na kulinganisha pampu. Onyesha, fanyeni pamoja, afanye ukimtazama, mwishowe afanye peke yake nawe ukague. Andika kila anapokosea; daftari hilo ndilo litakalozaa mtaala wako. Mwaka wa pili, kozi ya ukufunzi. Wa tatu, kaimu msimamizi wa zamu, na hapo ratiba na migogoro ya watu itakuchosha kuliko mashine. Wa nne tutaamua cheo.

Nitakupunguzia saa 4 za zamu kila wiki. Bila hizo, mafunzo humezwa na dharura.

Ukipendelea kubaki fundi bingwa, sema wazi. Heshima yako haipungui. Tuonane Alhamisi, saa 4 asubuhi.

Meneja wa Matengenezo