Daftari la Saa

Mlango wa kwanza kunishinda ulikuwa wa choo, nyumbani kwa dada yangu. Nilisimama mbele yake mikono nyuma, nikasubiri. Sijui nilisimama dakika ngapi, mtoto wa dada akapita akaniangalia akasema mjomba hamna mtu humo, ingia tu. Nikamwambia najua. Uongo. Sikuwa nasubiri mtu atoke, nilikuwa nasubiri mtu aje afungue. Miaka 17 na miezi 4 sijashika kitasa, kule milango yote ina wenyewe wenye funguo, we ukiitwa unapita, na mwili ukishazoea hivo basi, kichwa kinajua umetoka ila miguu bado inangoja filimbi.

Hiyo ilikuwa Jumatatu, siku niliyoachiwa.

Niseme hili kabla hujaanza kunionea huruma: mi sikusingiziwa. Kuna watu wamefungwa bure kabisa, nimelala nao nawajua, ila mi simo kwenye hesabu yao. Usiku ule niliendesha gari, nikakaa nje injini inaunguruma wenzangu wako ndani ya nyumba ya watu, na mzee mwenye nyumba akaumizwa, baada ya siku 3 akafa. Sikumgusa. Lakini bila gari wasingefika, na mi nilijua tunaenda kufanya nini, labda sio mpaka kufikia pale, ila nilijua. Nilikuwa na miaka 26.

Dada alikuja kunichukua na shemeji. Alinikumbatia pale getini akalia, mi nikasimama kama gogo kwa sababu nilishasahau mtu akikushika hivi mikono yako unaiweka wapi. Shemeji alinipa mkono, akasema karibu sana shemeji, jisikie nyumbani, afu njia nzima hakuongea tena. Simlaumu. Ana mke, ana mtoto wa miaka 11 aliyezaliwa mi niko ndani, na sasa nyuma kwenye gari lake kakaa mtu wa kesi.

Nyumbani nikala nimeizungushia sahani mkono. Nilimaliza wakati wao hata hawajanawa vizuri. Usiku nikashindwa kulala kwa sababu ya giza, yaani kule taa haizimwi, unalala inakuangalia usoni, sasa hapa giza totoro na ukimya mpaka nasikia masikio yangu yenyewe. Nikawasha taa. Nikaona mwanga utapita chini ya mlango, shemeji ataona, atajiuliza huyu anafanya nini saa 8 za usiku. Nikazima. Nikakaa macho.

Hapo ndo nikakumbuka maneno ya nyapara wetu wa selo, mzee wa watu, alitoka akarudi mara mbili. Aliniambia siku naaga: ukitoka jua hivi, kwenye mtaa wenu chochote kitakachopotea kimepotelea kwako. Uwe na jibu muda wote, ulikuwa wapi, na nani alikuona.

Jumanne asubuhi nikamuomba mtoto daftari. Akanipa la hesabu la mwaka jana, lilikuwa limebaki kurasa nyuma. Nikaandika:

Saa 12 asubuhi, nimeamka. Dada kaniona.
Saa 1, nimefagia uwanja. Mama Pacha wa jirani kaniona, hakuitikia salamu.
Saa 3 hadi saa 5, kibarazani. Mtoto yupo.

Likawa ndo daftari langu la saa. Naliweka mfuko wa shati. Utasema ni wazimu, na mi nilijua lina wazimu ndani yake, ila nikishaandika kifua kinashuka kidogo.

Jumatano nilienda kushughulikia kitambulisho. Hii nitaipitia haraka maana hata kuisimulia inanichosha. Cha zamani kilikwisha muda wake, ili nipate kipya nahitaji namba ya simu, ili nisajili laini ya simu nahitaji kitambulisho. Kijana wa dirishani aliniambia haya kwa upole kabisa, ndo akaniuliza, mzee miaka yote hii ulikuwa unatumia nini? Nyuma yangu foleni nzima. Nikamwonyesha karatasi ya kuachiwa. Akaisoma, akainua macho, na nikaiona ile sura ikibadilika, sasa nimeshaijua, haiwi chuki, ni kama mtu aliyekuwa amekuegemea kidogo afu akajivuta. Mama aliyekuwa nyuma yangu akahamisha pochi bega la pili. Kwenye daftari nikaandika: saa 4 hadi saa 8, foleni, watu kama 40 wameniona.

Siku hiyohiyo mtoto alinifundisha simu. Nimeingia ndani simu zina vitufe, unabonyeza kitu unasikia kimebonyea. Hii ya sasa nikawa naikandamiza kidole kama nakanda unga, mtoto anacheka, mjomba usiibonyeze, iguse tu. Nikamuuliza sasa inajuaje kama nimegusa? Akafikiri sana akasema inajua tu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka.

Basi Alhamisi jioni jirani akagonga. Mume wa Mama Pacha, fundi, mtu mkimya. Akasema drili yake haionekani. Alisema anaangalia ukuta, sio mimi wala shemeji, ukuta. Akasema simtuhumu mtu, nauliza tu kama kuna aliyeiona.

Hakuna aliyejibu. Na hakuna aliyenitazama, ndo nikajua. Watu wanne sebuleni na wote ghafla wana kitu cha kuangalia sakafuni.

Shemeji akakohoa, akasema labda tuangalie tu ndani, kwa amani ya kila mtu.

Dada akasema tuangalie ndani wapi? Sauti yake ilikuwa ndogo, ila mi namjua tangu mtoto, akiongea hivo amekaribia kupasuka. Sikutaka apasuke kwa ajili yangu. Nikainuka, nikaingia chumbani, nikatoka na begi langu, nikalimwaga lote kwenye mkeka. Masharuali 2, mashati 3, ndala, mswaki, barua za marehemu mama. Nikageuza mifuko ya suruali nje. Afu, na hapa ndo aibu yangu ilipo, nikavua shati, nikalikung'uta, nikachuchumaa mikono kichwani.

Hakuna aliyeniambia nichuchumae. Mwili ulienda wenyewe, upekuzi unakwenda hivo, unamwaga, unavua, unachuchumaa, unasubiri. Nilishtuka nimeshafika chini. Nikamwona mtoto kwenye mlango wa jikoni.

Jirani akasema hapana bwana, hapana, inuka, na akatoka karibu kukimbia. Shemeji akaingia ndani. Dada akaokota shati langu akanifunika mgongoni, akaanza kurudisha vitu kwenye begi kimoja kimoja, na daftari likadondoka likafunguka.

Alilisoma pale chini kwenye mkeka. Kurasa zote. Saa 7, nimekaa. Saa 7 na nusu, nimekaa. Chooni dakika 5, mtoto kasikia maji. Alipomaliza alilifunga akanirudishia. Hakusema kitu na mi nikamshukuru kwa hilo, maana angesema pole ningevunjika pale pale.

Ijumaa sikutoka chumbani. Sina cha kuandika.

Jumamosi asubuhi mtoto akaja kukaa kibarazani na mimi, akaning'iniza miguu, akaniambia kwa sauti ya mtu mwenye siri, mjomba, drili imepatikana. Wapi? Kwenye buti ya gari la baba. Kumbe shemeji aliiazima kwa kijana wa jirani wiki 3 nyuma, akaweka rafu kazini, akaitupa kwenye buti ikafunikwa na matambara, akasahau kabisa, na yule kijana hakumwambia babake. Jana usiku wamerudisha kimyakimya. Baba kasema nisikwambie.

Nikakaa na hilo neno. Nilisubiri hasira ije, haikuja ile niliyoitegemea. Kilichokuja ni kwamba nilimwona shemeji usiku anabeba drili ameificha chini ya koti, anavuka uwanja kwa kunyata, anaogopa kuonekana. Mtu mzima wa watu, hajawahi kuiba hata penseli. Nikakaribia kumwonea huruma. Karibu, sio yote, tusidanganyane.

Mtoto akasema nipe daftari. Akaandika mwenyewe, mwandiko wa kulala: Saa 3 asubuhi, mjomba yupo, mimi shahidi. Akaweka sahihi, maua mawili na mshale. Akauliza jana mbona hujaandika? Nikamwambia jana sikuwa popote. Akaandika, Ijumaa, mjomba alikuwa chumbani, mlango ulikuwa umefungwa, nilimsikia anapiga chafya.

Shemeji tulionana mchana kwenye korido. Akasema shemeji, nikasema naam. Akafungua mdomo akaufunga. Akaniambia kesho anataka kurekebisha mguu wa meza, amesikia nilisoma useremala kule, kama nitakuwa na nafasi. Kama nitakuwa na nafasi! Nikamwambia nitaangalia ratiba, akacheka zaidi ya ile mzaha ilivyostahili.

Jumapili tukatengeneza meza. Mguu ulikuwa umelegea kwenye kiungo tu, kazi ya nusu saa, sisi tuliivuta mpaka adhuhuri. Alipohitaji kutoboa tundu akasimama kidogo, akasema ngoja nikaazime drili. Tukaangaliana. Nikamwambia hapana, hili linatobolewa na patasi, mbao hii laini. Ilikuwa mbao ngumu kweli, mkono wangu hadi sasa una lengelenge.

Usiku nikalala. Halafu nikaamka, saa 8 na dakika kama 10, na nikawa nataka tu kutoka. Sio chooni, sio popote, nje. Kule saa 10 jioni tulikuwa tushafungiwa, sijaona anga la usiku tangu nina miaka 26, nimeliona kwa vipande vya nondo ila sio lote. Nikafika mlango mkubwa. Nikasimama, mikono ikaenda nyuma yenyewe, nikairudisha mbele. Kitasa cha baridi. Kikashuka.

Uwanjani hakukuwa na mtu. Nikatoa daftari mfukoni, nikaandika kwa kubahatisha mistari gizani: saa 8 na dakika 10 usiku, nje. Sehemu ya aliyeniona nikaacha.

Mbwa akabweka. Dirisha la Mama Pacha likawaka taa, pazia likasogea kidogo, na nikajua nimeonekana, mtu wa kesi, saa 8 za usiku, kasimama uwanjani. Miguu ikataka kurudi ndani mbio. Pazia halikufungwa, na mi sikuondoka, tukakaa hivo, mpaka taa yake ikazimwa ndo nikainua kichwa.