Tangazo la Siku ya Michezo kwa Wazazi na Walezi

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Jiji la Tanga.
8 Julai 2026

Kwa wazazi na walezi wote wa wanafunzi, darasa la awali hadi la saba.

YAH: SIKU YA MICHEZO YA SHULE, JUMAMOSI TAREHE 25 JULAI 2026

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mnaarifiwa kuwa Siku ya Michezo ya mwaka huu itafanyika katika uwanja wa shule, Jumamosi tarehe 25 Julai, kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 5:30. Tumeianza mapema makusudi. Ingawa huu ni msimu wa kusi na upepo unapoza, jua la Tanga likishafika saa sita halina huruma kwa mtoto anayekimbia, na upepo huo huo humfanya asitambue kuwa anaishiwa maji mwilini. Wanafunzi wafike saa 1:00, wakiwa wamekula. Uji na kiazi au andazi vinatosha. Chai ya rangi peke yake haitoshi.

Kabla ya ratiba, kuna jambo ambalo uongozi wa shule unapaswa kulisema waziwazi. Mwaka jana wanafunzi wa kitengo chetu cha elimu maalumu waliwekewa mashindano yao mwishoni, wakati wazazi wengi walikuwa wameshaondoka na bendera za makundi zimeshakunjwa. Kwa saa tatu walikaa chini ya mwembe wakiwapigia makofi wenzao, na zawadi walizopewa zilifanana kwa wote, yaani hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa. Tulidhani tumewatendea wema. Mzazi mmoja alikuja ofisini Jumatatu yake akatuuliza mtoto wake alishika nafasi ya ngapi, nasi hatukuwa na jibu la kumpa. Mwaka huu kila mwanafunzi mwenye ulemavu yumo katika mojawapo ya makundi manne, yaani Nyekundu, Kijani, Bluu au Njano, na pointi atakazopata zinahesabiwa kama za mwenzake yeyote.

Ratiba ni hii. Baada ya paredi fupi, darasa la awali na la kwanza watashindana kukimbia na ndimu juu ya kijiko, na darasa la pili watakimbia mita 60. Kuanzia saa 2:15 ni mbio za mita 100 kwa madarasa ya tatu hadi ya saba, wavulana na wasichana mbalimbali, zikichanganywa na mbio za mita 60 za viti mwendo, ambazo zitapita katikati ya ratiba na si pembeni. Saa 3:15 ni rede, kisha mbio za magunia, na kuvuta kamba kati ya makundi. Mbio za baiskeli za taratibu, ambazo Tanga bila hizo ingekuwa ni ajabu, ni za darasa la sita na la saba: anayeshinda ni anayefika wa mwisho bila kuweka mguu chini, kwa hiyo hakuna haja ya kumfundisha mtoto kukanyaga pedeli kwa nguvu. Tutafunga kwa mbio za kupokezana. Mashindano ya kukimbiza kuku tumeyaondoa, kwa kuwa kila mwaka watoto wadogo huangushwa na wakubwa, na kuku naye huwa hajaulizwa.

Mbio za kupokezana zinahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndizo zenye pointi nyingi. Kila kundi litakuwa na wakimbiaji wanne, na angalau mmoja wao atakuwa mwanafunzi mwenye ulemavu. Mkimbiaji asiyeona atakimbia na mwenzake anayemwongoza, wote wawili wakishika ncha za kitambaa kimoja kifupi; mwongozaji haruhusiwi kumvuta wala kumtangulia, bali hukimbia sambamba naye na kumwambia “kulia”, “kushoto” na “mwisho”. Wawili hawa wamekuwa wakifanya mazoezi tangu shule ilipofunguliwa, hivyo tunawaomba msibadilishe mwongozaji siku hiyo eti kwa kuwa kaka yake mtoto amejitolea. Anayetumia kiti mwendo hatapokea kijiti, kwa vile mikono yake ina kazi; mwenzake atamgusa bega. Kwa viziwi, mwanzishaji atapiga filimbi na kushusha bendera nyekundu kwa wakati mmoja, na wakimbiaji wote watafundishwa kutazama bendera.

Mwalimu wa Michezo na mafundi wawili wanashindilia changarawe kwenye njia mbili za uwanja, kwani mchanga wetu humeza magurudumu ya mbele na kiti husimama ghafla, mtoto akaenda mbele peke yake. Kamba ya kuvutia ni ya katani, na wanaoijua katani wanajua inavyokata viganja, kwa hiyo sehemu za kushika zitazungushiwa vitambaa vya kanga kuukuu. Mwenye kanga asiyoihitaji tena atusaidie.

Watoto wenye usonji, na wengine wanaosumbuliwa na kelele, watakuwa na chumba cha darasa la pili, mbali na spika, chenye mikeka na mwalimu mmoja muda wote. Mtoto anaweza kutoka humo, akashiriki mchezo mmoja, akarudi. Hakuna atakayelazimishwa. Hata hivyo, tunawaomba msimwamulie mtoto abaki nyumbani kabla hamjazungumza nasi. Jumamosi tarehe 18 Julai, kuanzia saa 3:00 asubuhi, walimu wa kitengo watakuwepo shuleni na uwanja utakuwa wazi, ili mzazi aje na mwanawe aujaribu, aone njia, aone choo, na tukubaliane mchezo upi unamfaa na kwa namna gani. Mtoto mwenyewe aulizwe pia. Yupo mwanafunzi wa darasa la nne anayetembelea magongo ambaye sote tulimpangia kurusha mpira, kumbe yeye anataka mbio za ndimu, na ameshabuni namna ya kufunga kijiko kwenye gongo.

Kuhusu wanafunzi wenye ualbino: michezo yao yote itakwisha kabla ya saa 3:00, na baada ya hapo watakuwa chini ya turubai pamoja na kundi lao zima, si peke yao. Waje na shati la mikono mirefu, suruali au sketi ndefu, na kofia pana inayofunika masikio na shingo. Kofia ya kapelo huacha masikio wazi. Losheni ya kukinga jua ipakwe nyumbani kabla ya kutoka, na mwalimu atasimamia ipakwe tena baada ya kupita muda wa saa mbili. Wenye uoni hafifu watapangiwa njia ya ndani, ambayo mistari yake imechorwa kwa chokaa nzito.

Sasa maji. Shule ina wanafunzi 640, na tumekadiria lita moja na nusu kwa kila mmoja, ambayo ni lita 960. Simtanki letu la lita 1,000 litaoshwa Alhamisi na kujazwa Ijumaa, na maji yatatiwa vidonge vya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Uwanjani yatakuwa kwenye ndoo nane zenye mifuniko na koki, mbili kwa kila kundi, na hakuna atakayeruhusiwa kuchota kwa kutumbukiza kikombe. Kila mtoto aje na chupa au kikombe chake kilichoandikwa jina. Filimbi ndefu itapigwa na bendera ya bluu kupandishwa kila baada ya nusu saa, na hapo wote watakunywa, mwenye kiu na asiye na kiu. Juisi za ukwaju na barafu za mifukoni zinazouzwa getini hazitaruhusiwa kuingia, kwa sababu hatujui maji yake yametoka wapi. Madafu yanaruhusiwa.

Walimu wa kitengo wametukumbusha jambo ambalo wengi wetu hatukuwa tukilijua: baadhi ya watoto wanaotumia viti mwendo au magongo hujinyima maji siku nzima, kwa kuogopa safari ya chooni. Kwa hiyo choo cha karibu na ofisi, chenye mlango mpana na bomba la kushikilia ukutani, kimetengwa kwa ajili yao siku hiyo, na wasaidizi wawili, mwanamke na mwanamume, watakuwa hapo. Mweleze mtoto wako habari hii mapema ili anywe bila hofu. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayemeza kwa shida, mzazi aje na kikombe chake cha kila siku na atueleze anavyokaa anapokunywa.

Tunahitaji kujua afya ya kila mshiriki. Fomu iliyoambatanishwa ijazwe, isainiwe na kurudishwa kwa mwalimu wa darasa kabla ya Ijumaa tarehe 17 Julai. Asiyerudisha atakuja kama mtazamaji. Andikeni humo pumu, kifafa, selimundu, ugonjwa wa moyo, au dawa yoyote mtoto anayotumia. Fomu itasomwa na mwalimu wa darasa na muuguzi tu. Mwenye pumu aje na dawa yake ya kuvuta na aikabidhi mezani kwa muuguzi. Mwenye selimundu atashiriki michezo mifupi, atapumzika kivulini kila baada ya mchezo, na atakunywa maji zaidi ya wenzake. Mtoto akianguka kifafa, wazazi walio karibu wasimkandamize, wasimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Waondoe vitu vinavyoweza kumuumiza, wamlaze ubavu, na wamwite muuguzi. Meza ya huduma ya kwanza itakuwa chini ya mwembe, na bajaji moja itasubiri getini kwa ajili ya kwenda Hospitali ya Bombo ikibidi.

Wanafunzi wavae fulana ya rangi ya kundi na raba zinazobana vizuri. Asiye na raba atakimbia peku bila kuzuiwa. Uwanja utapekuliwa Ijumaa jioni kuondoa miba, misumari na vipande vya chupa. Wazazi watakaa nyuma ya kamba. Baiskeli na bodaboda ziachwe nje ya geti, isipokuwa chombo kinachomleta mtoto asiyeweza kutembea, ambacho kitaingia hadi kwenye turubai na kutoka. Msipige picha za watoto wasio wenu bila idhini ya wazazi wao.

Mwanafunzi wa darasa la nne kushuka chini ataondoka na mtu mzima aliyeandikwa kwenye fomu. Mvua kubwa ikinyesha asubuhi hiyo, michezo itahamia Jumamosi tarehe 1 Agosti, na walimu wa madarasa watawapigia simu kabla ya saa 12:30. Hakuna mchango wa fedha unaodaiwa.

Mwalimu Mkuu,
kwa niaba ya Kamati ya Michezo na Kitengo cha Elimu Maalumu.