Kifungu cha 9

Kalamu ikiwa tayari mkononi, mwanafunzi alirudi ukurasa wa 3 wa mkataba wa kukodi kompyuta mpakato, penye maandishi madogo kama mayai ya chawa. Kifungu cha 9: bima ya kompyuta mpakato ni lazima, asilimia 12 ya kodi kila mwezi. Cha 11: siku 1 ya kuchelewa kurudisha huhesabiwa wiki nzima. Cha 14: amana itakatwa "gharama za usafi". Kiasi? Hakikuandikwa.

Akapiga hesabu pembeni. Kwa miezi 9, bima peke yake ilizidi kodi ya mwezi mzima.

"Kaka, hizi za usafi ni kiasi gani?"

"Ah, hicho kifungu huwa hatukitumii, dada."

"Basi kifute, utie sahihi hapo pembeni."

Mwenye duka akaifunika kalamu yake.