Salamu na majibu ya moja kwa moja ya saluni

Ujumbe wa kukaribisha

Habari yako, karibu sana! Ujumbe wako umetufikia. Saa hizi mikono yetu iko kwenye nywele za mteja, na hatupendi kumwacha kichwa nusu ili tushike simu, kwa hiyo tuvumilie kidogo. Tutakujibu ndani ya saa moja. Siku ukikaa wewe kwenye kiti, utahudumiwa hivyohivyo.

Tunafungua Jumanne hadi Ijumaa, saa 2 asubuhi hadi saa 1 jioni. Jumamosi tunaanza saa 1 asubuhi hadi saa 2 usiku, na foleni ni ndefu, hivyo weka nafasi mapema. Jumapili ni saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni, kwa waliokwisha kuweka nafasi tu. Jumatatu tumefunga.

Kuweka nafasi, tuandikie jina lako, huduma unayotaka, siku na saa, pamoja na saa nyingine inayokufaa endapo ya kwanza imejaa. Kama unasuka, tuma picha ya mtindo na picha ya nywele zako zilivyo leo, hata kama hazijachanwa. Hiyo ya pili ndiyo inayotuonyesha urefu na ujazo, tukajua ni kazi ya saa 3 au 7. Tuambie pia kama una rasta za kufumua, maana kufumua nako kuna muda wake.

Nafasi yako inahesabika ukishapata jibu letu: IMETHIBITISHWA. Ukichelewa zaidi ya dakika 20 bila taarifa, tutampa anayesubiri. Ukipata udhuru, tujulishe siku moja kabla, tutakupangia siku nyingine bila kinyongo.

Unakuja kuweka dawa? Usioshe wala kukuna kichwa siku 2 kabla, kwani ngozi iliyochubuka huungua haraka. Kwa rangi, pita saa 48 kabla tukupake kidogo nyuma ya sikio, tuone kama ngozi inaikubali. Hilo haturuki, hata kwa mteja wetu wa siku nyingi.

Ujumbe wa nje ya saa za kazi

Asante kwa kutuandikia. Sasa hivi tumefunga, lakini ujumbe wako hautapotea. Siku ya kazi inayofuata tunaanza na simu kabla ya kupokea mteja wa kwanza, na tunajibu kwa kufuata nani alitangulia kuandika.

Acha jina, huduma, siku na saa unayotaka, na picha kama unasuka. Tafadhali usije moja kwa moja kabla hatujathibitisha.

Kama umepaka dawa au rangi na kichwa kinaungua, suuza sasa hivi kwa maji safi mengi. Ukivimba uso, ukipumua kwa shida au dawa ikiingia machoni, nenda hospitali mara moja, usisubiri jibu letu.