Mkate wa Bibi: somo la katuni kuhusu sehemu, Darasa la Tatu

*Kwa mchoraji: mkate ukatike pale neno "Kata" linapotamkwa, si kabla. Mtoto akishaona mkato, hasikilizi tena.*

PICHA: Uani, Ngamiani, Tanga. Mkate wa kumimina umo kwenye sinia, kingo zimeiva hudhurungi. Juu yake: 1.

MSIMULIZI: Bibi ameepua mkate. Mmoja, mzima. Shabani kashika kisu, eti anagawa nusu kwa nusu. Kata!

PICHA: Kipande kimoja kinene, kingine chembamba.

ZUHURA: Bibi, Shabani kanipunja!

MSIMULIZI: Kweli. Vipande ni viwili, ila nusu hakuna hapa. Nusu lazima zilingane. Rudi!

PICHA: Vipande vinashikana, mkato unafutika. Kisu kinapita katikati.

MSIMULIZI: Nusu. Nusu.

PICHA: 1/2 juu ya kila kipande. Namba ya chini inawaka, kisha ya juu.

MSIMULIZI: Ya chini ni asili: mzima umegawanywa vipande vingapi vilivyo sawa. Ya juu ni kiasi: tumechukua vingapi.

ASHA: Hodi!

BIBI: Karibu, mwanangu. Sasa tuko wanne.

MSIMULIZI: Kata tena. Robo, robo, robo, robo.

PICHA: Robo mbili zinaungana: 2/4. Kivuli cha 1/2 kinapita chini yake, kinaenea bila kuzidi.

MSIMULIZI: Robo mbili ni nusu. Mkate ni uleule.

PICHA: Kila mtu ana robo yake. Mdogo wake Asha anachungulia mlangoni.

MSIMULIZI: Bibi anamkatia kwenye robo yake. Kata!

PICHA: Robo ya Bibi inakuwa vipande viwili. Mistari ya nukta inagawa robo nyingine vivyo hivyo; vipande vinahesabika 1 hadi 8. Juu ya kipande cha Bibi: 1/8, yaani thumuni.

SHABANI: Nane inazidi nne! Bibi, tubadilishane!

BIBI: Una hakika? Haya, mjukuu wangu, chukua.

PICHA: Robo na thumuni zinapishana hewani, zinatua zimekaribiana. Sekunde tatu kimya. Hapa muziki usiwepo kabisa. Uso wa Shabani unatosha.

MSIMULIZI: Mkate ukikatwa vipande vingi zaidi, kila kipande huwa kidogo zaidi. Thumuni mbili ndizo zinazofanya robo moja.

PICHA: Thumuni ya Shabani na ya mdogo wake Asha zinaungana: 2/8. Robo aliyoichukua Bibi inashuka juu yake, zinalingana. Zinaachana. Bibi anasukuma kapu la machungwa ya Muheza. Yako 8.

MSIMULIZI: Machungwa hatuyakati, tunayatenga tu.

PICHA: Mafungu manne, mawili mawili. Fungu moja linawaka: robo ya 8 ni 2. Yanarudi kapuni.

BIBI: Shabani, na machungwa utachukua thumuni?

PICHA: Shabani anatugeukia. Picha inasimama, mwalimu asikilize majibu: thumuni ya 8 ni machungwa mangapi?